Tabibu Anapomhoji Mgonjwa kwa Kinywa cha Mtu Mwingine

Katika eneo la Mbulu, Hanang na Mkalama nchini Tanzania, zahanati moja inaweza kupokea kwa asubuhi moja watu wa lugha nne zisizo na undugu wowote: Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kinyiramba cha Kibantu, na Kihadza ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu popote. Tabibu aliyepangiwa kazi pale huenda ametoka Mtwara au Kagera. Kiswahili kinamtosha kwa wagonjwa walio wengi, lakini hakimtoshi kwa bibi aliyezeekea bomani, wala kwa mama kijana wa familia ya wafugaji ambaye hakupelekwa shule. Hapo hutafutwa mtu wa kusaidia lugha, na kwa kawaida huwa ni yeyote aliye karibu.

Nitaeleza jinsi ya kuendesha mazungumzo hayo kwa kufuata mfano mmoja nilioutunga, nao ni wa jambo linaloonekana kila wiki. Mama wa Kidatooga amemleta mtoto wa miezi 11, mwenye kilo 8, anayehara kwa siku ya tatu. Mama hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Amesindikizwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana aliyemaliza darasa la saba na anayekisema Kiswahili vizuri.

Jambo la kwanza analofanya tabibu wengi ni kumgeukia kijana na kumuuliza, "Mtoto ana nini?" Kijana anajibu bila hata kumtazama mama, "Anahara, na anatapika." Dakika tano baadaye dawa zimeandikwa na watu wako njiani kurudi nyumbani. Katika dakika hizo tano mama hakuulizwa neno, na kijana, ambaye huenda halali katika nyumba moja na mtoto, ameeleza ugonjwa kwa jinsi alivyousikia.

Makosa ya namna hii yamewahi kuhesabiwa. Mwaka 2003 daktari wa watoto wa Marekani, Glenn Flores, na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 13 ya kliniki ya watoto yaliyorekodiwa, ambamo wazazi walizungumza Kihispania na madaktari Kiingereza. Walikuta makosa 396 ya ukalimani, wastani wa 31 kwa kila mazungumzo. Zaidi ya nusu yalikuwa ya kuacha maneno: mtu amesema, na mkalimani hakulifikisha. Waliotafsiri bila kuwa wakalimani wa hospitali, wakiwemo wauguzi na hata mtoto wa miaka 11, makosa yao yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumdhuru mgonjwa. Lakini wakalimani wa hospitali nao walikosea. Kwa hiyo tabibu asitegemee kwamba akimpata mtu hodari kazi imekwisha. Kazi yake ni kuyapanga mazungumzo ili kilichoachwa kionekane mapema.

Turudi kwa shemeji. Kuna sababu ya kumwomba akae nje kwa heshima, na sababu hiyo haina uhusiano na uwezo wake wa lugha. Maswali ya mtoto anayehara yanafika haraka kwenye mwili wa mama: ananyonyesha? Aliacha lini, na kwa nini? Mama hatayajibu mbele ya mdogo wa mumewe, na kijana mwenyewe hatayauliza. Atayazunguka, au atajibu kwa niaba yake. Mume, mama mkwe na jirani wa karibu huleta shida hiyohiyo kwa njia tofauti, kwa kuwa kila mmoja wao ana jambo lake katika nyumba ile. Mtoto wa shule anayejua Kiswahili ndiye asiyefaa kuliko wote, maana atabebeshwa habari za mama yake zisizomhusu, na maneno kama kutokwa damu au mimba yatamshinda.

Hii si kusema ndugu afukuzwe. Mtoto akifika ana degedege, tumia mdomo wowote uliopo, hata wa mtoto mwenzake, na uanze matibabu. Mazungumzo kamili yatarudiwa hali ikitulia. Pia ndugu anayemjua mgonjwa ana habari zake za kutoa, nazo zinafaa kusikilizwa. Asikilizwe kama ndugu, kwa kauli yake mwenyewe.

Katika zahanati yetu ya mfano yupo mhudumu wa usafi ambaye ni Mdatooga, mama wa makamo. Huyu ndiye wa kuitwa. Mganga mfawidhi anapaswa kujua mapema ni nani katika watumishi wake, na katika wahudumu wa afya ngazi ya jamii, anazungumza lugha gani, na orodha hiyo ibandikwe chumba cha mapokezi. Muda anaotumia kutafsiri uhesabiwe kuwa ni kazi, kwa sababu mtu anayejua kwamba sakafu inamsubiri atafupisha kila jibu ili aondoke.

Kabla ya kuingia ndani, tabibu anazungumza naye pembeni. Dakika mbili zinatosha. Anamwambia shida ni mtoto anayehara na kwamba maswali mengine yatakuwa ya faragha ya mama. Kisha anamwomba mambo matatu. La kwanza, aseme kila kinachosemwa, hata kama kinaonekana hakina maana. La pili, aseme kama anavyosema mwenyewe: mama akisema "mtoto wangu amekataa uji," naye aseme "mtoto wangu amekataa uji," asiseme "anasema mtoto wake amekataa uji." Mwanzoni hili humwona mtu kama linachekesha, lakini lina faida moja kubwa. Mkalimani akitaka kuongeza la kwake, kwa mfano kueleza mila, inambidi aseme wazi "sasa nasema mimi," na tabibu anajua ni nani aliyesema nini. La tatu, asipoelewa neno la tabibu aulize, asikisie. Hapo pia ndipo pa kukumbushana siri, tena kwa uzito, kwa kuwa mkalimani na mgonjwa huenda wanakutana mnada mmoja kila mwezi.

Ndani ya chumba, mkalimani anakaa kando ya mama na nyuma yake kidogo, ili macho ya tabibu na ya mama yakutane. Tabibu anamsemesha mama: "Mama, karibu. Pole na safari. Mtoto alianza kuhara lini?" Anamtazama yeye wakati anauliza, na anamtazama yeye wakati anajibu, ingawa haelewi neno. Si adabu tu. Mama akisita, akishusha sauti, akimtazama mtoto kabla ya kujibu, hayo yote yanaonekana bila ukalimani, na yanamwambia tabibu ni swali gani la kurudia.

Mara nyingi kikwazo cha kwanza huja wakati wa kujaza kadi. Fomu zetu zinataka majina matatu: la mtoto, la baba yake na la babu yake. Babu huyo ndiye baba mkwe wa mama. Kwa desturi ya Kidatooga, mwanamke aliyeolewa huepuka kutamka jina la baba mkwe wake, na huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti, akitumia mengine badala yake. Tabibu asiyejua hilo anaona mama ananyamaza anapoulizwa jina la ukoo, na anaandika kwamba hana ushirikiano au hajui baba wa mtoto. Shemeji aliyeko nje anaweza kulitaja jina hilo mara moja. Mkalimani Mdatooga anajua pia kwa nini mama ametumia neno la kuzunguka katikati ya sentensi, jambo ambalo mtu aliyejifunza Kidatooga ukubwani huenda asilitambue.

Sasa maswali yenyewe. Uliza moja, subiri jibu, kisha la pili. Tabibu akisema kwa mkupuo, "Anatapika, ana homa, na choo kina damu?" mkalimani atauliza mawili na jibu litakuwa moja, na hakuna atakayejua limejibu lipi. Sema sentensi moja au mbili, kisha nyamaza. Epuka pia swali la kukanusha. Ukiuliza kwa Kiswahili "Hatapiki?" na ukajibiwa "ndiyo," hata sisi kwa sisi tunaweza kubaki na shaka. Likipita katika lugha mbili, shaka hiyo inazidi. Uliza: "Anatapika?" Au vizuri zaidi: "Niambie, tangu jana anapopewa kitu mdomoni inakuwaje?"

Swali hili la kutapika linastahili kusimamiwa, maana ndipo pengo dogo linapozaa uamuzi tofauti. Kwa mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa unaotumika katika zahanati zetu, mtoto anayetapika mara kwa mara anatibiwa kwa njia ya kawaida, lakini mtoto anayetapika kila kitu, asiyebakiza hata maji, ana dalili ya hatari na anahitaji rufaa. Tofauti ni maneno mawili, "kila kitu," na hayo ndiyo mkalimani anayekimbia huyaacha. Shemeji alisema tu "anatapika." Njia ya kuhakikisha haihitaji lugha: mpe mama maji kwa kijiko amnyweshe mtoto mbele yako, na utazame. Mtoto wetu anayapokea kwa pupa na anayabakiza. Tabibu anafinya ngozi ya tumbo, nayo inarudi polepole. Macho yamebonyea. Basi ana upungufu wa maji wa kadiri, si mkali, na amelijua hilo kwa mikono na macho yake. Kila kinachoweza kupimwa bila ukalimani kipimwe, hasa pale jibu la mdomo lingebadilisha matibabu.

Damu ni tofauti. Choo chenye damu kinabadilisha dawa, na tabibu hawezi kukiona ikiwa mtoto hajajisaidia pale. Hapa anauliza mara mbili kwa njia mbili: kwanza choo kina rangi gani, halafu baadaye kidogo, je, ameona damu au ute. Majibu yakipishana, anasema bila kumlaumu mtu, "Naomba tulirudie hili, nadhani sikuliuliza vizuri."

Katikati ya mazungumzo mkalimani na mama wanaanza kuongea wenyewe. Zinapita sentensi sita au saba. Kisha mkalimani anamgeukia tabibu: "Hapana, hanyonyeshi." Hii ndiyo alama ya wazi kuliko zote kwamba kitu kimeachwa: maneno mengi yameingia na machache yametoka. Zipo nyingine. Jibu linatoka kabla mama hajafungua mdomo. Umeuliza "kwa nini" na umejibiwa "ndiyo." Mama ameonyesha tumbo lake na mkalimani hakulitaja tumbo. Tabibu asikasirike wala asiache ipite. Anasema: "Dada, naomba uniambie yote mliyoongea, kidogo kidogo, kama alivyosema."

Na katika mfano wetu, yaliyoachwa ndiyo yenye habari. Mama amesema alimwachisha mtoto ziwa wiki mbili zilizopita baada ya kujua ana mimba, kwa kuwa aliambiwa maziwa ya mama mjamzito humdhuru mtoto. Tangu hapo mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya lambo. Mkalimani hakukusudia kuficha. Kwake lilikuwa jambo linaloeleweka, na alifikiri tabibu alitaka tu kujua ananyonyesha au la. Imani hiyo kuhusu maziwa ya mjamzito ipo katika jamii nyingi, za wafugaji na za wakulima, na mkalimani mwenyewe huenda anaiamini. Lakini bila habari hiyo, tabibu angemwambia mama "endelea kumnyonyesha," mama angeitikia, na mtoto angerudi kwenye maji yaleyale ya lambo. Sasa anaweza kumweleza kwamba mimba haiyageuzi maziwa kuwa sumu, kwamba bado anaweza kumrudisha mtoto kwenye ziwa, na kwamba maziwa ya ng'ombe yachemshwe. Anaweza pia kumwandikisha kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo. Mbele ya shemeji, hata neno moja la haya lisingetoka.

Matibabu ya upungufu wa maji wa kadiri hufanyika palepale zahanati. Mtoto hupewa maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, kwa saa nne. Kwa kilo 8 ni mililita 600. Saa hizo nne ni nafasi adimu kwa mazungumzo ya ukalimani, kwa kuwa zinaruhusu kuonyesha badala ya kueleza. Mama mwenyewe achanganye pakiti ya pili, kwa chupa atakayoibeba nyumbani, mpaka alama ya lita moja iliyochorwa kwa kalamu ya wino. Kipimo kisomwe kwenye pakiti kwanza, kwani zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na mchanganyiko mkali mno una hatari yake. Mama akishachanganya kwa mikono yake, sentensi nyingi za mkalimani hazihitajiki tena. Akimwona mtoto ametapika, muuguzi anaonyesha: subiri dakika kumi, kisha endelea polepole.

Maelezo ya nyumbani ndiyo yanayopotea zaidi, kwa sababu yana namba na yanatolewa watu wakiwa wamechoka. Tabibu anachagua machache. Kila mtoto anapohara apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa cha maji hayo. Mchanganyiko usitumike zaidi ya siku moja. Kidonge kimoja cha zinki cha miligramu 20, kilichoyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi, kila siku kwa siku 10, hata kama kuhara kumekoma. Na arudi mara moja mtoto akishindwa kunywa, akipata homa, choo kikiwa na damu au hali ikizidi kuwa mbaya. Kila moja linasemwa peke yake, linatafsiriwa, ndipo linafuata jingine. Namba zinaonyeshwa kwa vidole na kwa vidonge vyenyewe: karatasi ina vidonge 10, kimoja kila asubuhi wakati wa kukamua, mpaka viishe vyote.

Kisha usiulize "Umeelewa?" Kila mtu huitikia swali hilo, kwa lugha yoyote, na mkalimani huitikia hata kabla ya mgonjwa. Badala yake tabibu anasema: "Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, kidonge hiki utampa vipi, na mpaka lini?" Anamwomba mkalimani asimsaidie mama kujibu, na alete jibu lilivyo, na makosa yake. Mama anajibu kwamba atampa kimoja kila asubuhi mpaka choo kishike, kisha atavitunza vilivyobaki kwa mtoto mwingine.

Hapo tabibu amegundua pengo la mwisho. Ama mkalimani aliacha "hata kama kuhara kumekoma," ama alisema na mama hakuona sababu. Si lazima kujua ni lipi. Anaeleza upya akitoa sababu: zinki inafupisha kuhara huku, na pia inampunguzia mtoto nafasi ya kuhara tena katika miezi miwili au mitatu ijayo, ila ni kama akimaliza siku 10. Anauliza tena. Safari hii mama anainua karatasi ya vidonge na kupitisha kidole kuanzia cha kwanza hadi cha kumi. Akikosea kwa mara ya pili, tabibu abadilishe njia ya kueleza, maana kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa hakumsaidii mtu.

Pasipo na mkalimani karibu, simu inasaidia, na kwa mambo ya aibu wakati mwingine inazidi mtu wa ana kwa ana, kwa kuwa sauti ya mbali haimwoni mgonjwa wala haimjui. Iwekwe mezani kwenye spika, mlango ufungwe, na jina la mgonjwa lisitajwe. Tabibu anamwambia mkalimani ni nani waliomo chumbani. Halafu anasema kwa maneno kila anachokifanya, "sasa namfinya ngozi ya tumbo," ili kimya kisimchanganye aliye upande wa pili. Kikomo chake ni mambo ya kuonyesha kwa mikono. Kuchanganya pakiti kwa simu, mtandao ukikatikakatika, ni kumwachia mama nusu ya maelezo.

Mama akishatoka, tabibu anabaki na mkalimani kwa dakika moja. Anamuuliza ni wapi palikuwa pagumu, na kama kuna jambo ambalo yeye tabibu amelisema vibaya kwa mila za pale. Kisha anaandika kwenye kadi: lugha Kidatooga, jina na cheo cha aliyetafsiri, mama asihojiwe mbele ya ndugu wa mume, jina la babu liulizwe kwa ndugu, na siku ya kumrudisha mtoto ikiwa hajapata nafuu ndani ya siku 5. Habari ya mimba haiandikwi kwenye kadi ya mtoto, ambayo shemeji anaweza kuisoma njiani. Inaandikwa kwenye rejista ya zahanati.